Picha Peke Yake Isimnyime Mtu Haki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya madai ya kurudishiwa fedha za televisheni, redio na vyombo vingine vya umeme. Mimi ni karani wa madai katika duka moja hapa jijini. Siku hizi wateja hututumia kwa simu picha za kadi ya waranti na risiti, nasi twatoa uamuzi bila ya kuziona karatasi zenyewe.

Sikatai kwamba udanganyifu upo. Hivi karibuni tulipokea kadi za wateja wawili zenye muhuri ulioinama sawasawa, wino uliofifia mahali pale pale, na ukingo uliokata mstari wa kadi pale pale. Pengo kwenye duara si hoja, maana mpira wa muhuri ukimeguka, pengo hilo litaonekana kila unapogongwa. Lakini mkono wa mtu haugongi mara mbili kwa mwinamo mmoja na wino mmoja. Muhuri ule ulikuwa umenakiliwa.

Kadi ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Kuzunguka tarehe palikuwa na weupe, kana kwamba kipande cha karatasi kimebandikwa. Tena kadi ilisema tarehe 9, na risiti tarehe 4. Mwenzangu akataka kuikataa papo hapo.

Nilimwomba yule mama apige picha nyingine karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Karatasi iliyobandikwa huacha kivuli chembamba ukingoni, na mistari ya kadi hukatika hapo. Hapakuwa na kivuli, na mistari ilipita moja kwa moja chini ya tarakimu. Weupe ule ulikuwa wa taa ya simu tu.

Kisha nikaingiza namba ya uhakiki ya risiti ya EFD, pamoja na saa yake, katika verify.tra.go.tz ya Mamlaka ya Mapato. Risiti ilikuwa halali. Lakini risiti huthibitisha mauzo, si chombo kipi kilichouzwa. Kwa hiyo nikalinganisha namba ya kadi na ile iliyo mgongoni mwa televisheni. Zilikuwa sawa. Na zile siku tano? Daftari letu la ghala lilijibu: mama alilipa tarehe 4, akakabidhiwa mzigo tarehe 9, na kadi ikagongwa muhuri siku hiyo.

Ndugu Mhariri, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Naomba wenye maduka wasikatae dai kwa picha moja. Shaka ikibaki baada ya hatua hizo, mteja aitwe alete kadi yenyewe. Nao wateja wapige picha ya risiti siku ile ile ya kununua, kwani maandishi yake hufutika kwa joto.

Karani wa Madai,
Kariakoo, Dar es Salaam.