Kwa nini kilio cha mafuta hakikusikika

Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2023 unaonyesha vizuri nguvu na mipaka ya ripoti ya kamati. Wananchi walipinga mambo mengi mbele ya Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, lakini mawili yalipata majibu tofauti. Makato ya nyumba, yaliyopendekezwa kuwa asilimia 3 ya mshahara, yalishushwa hadi asilimia 1.5. Ushuru wa thamani ya ziada kwenye mafuta, kinyume chake, ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 kama serikali ilivyotaka. Ripoti ya kamati ni mapendekezo tu. Ili badiliko liwe sheria, lazima liwasilishwe bungeni vifungu vinapojadiliwa kimoja kimoja, kisha lipigiwe kura. Zaidi ya hayo, ibara ya 114 ya Katiba inaitaka kamati izingatie maoni ya Waziri wa Fedha kuhusu hoja za kodi. Waziri naye huwa ameshaihesabu kodi hiyo ndani ya bajeti, hivyo anayetaka kuifuta anaulizwa pengo litazibwa na nini. Mafuta huleta fedha nyingi na za hakika; ndiyo maana kilio hicho hakikufua dafu. Mwananchi anayepeleka maoni asiishie kusema kodi inaumiza. Ataje kifungu, aandike maneno anayotaka yawekwe, aonyeshe fedha mbadala, kisha amfuatilie mbunge wake siku ya kura.