Jina la Mtu Halifasiriwi

Katika nyanda za juu za Kigoma, kalamu ya karani ina nguvu kuliko anavyodhani karani mwenyewe. Tangu mwaka 2015 Warundi wengi walivuka mpaka kuingia Kasulu na Kibondo. Kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, iliwapokea. Na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena kwa ajili yao. Walikuja na vyeti vilivyoandikwa kwa Kifaransa au Kirundi, na tangu mwaka 2017 makumi ya maelfu wamerudi kwao wakiwa na karatasi zilizoandikwa huku kwetu. Basi swali limezuka mezani: lililoandikwa katika cheti cha kwanza lifasiriwe, au linakiliwe herufi kwa herufi?

Sisi twasema kwamba swali hili halina jibu moja, kwa sababu cheti kina vitu vya aina tatu. Jina la mtu hunakiliwa. Cheo hufasiriwa. Anwani hugawanywa: neno la jumla hufasiriwa, na jina la mahali hunakiliwa. Anayezichanganya kanuni hizi hutengeneza mtu mpya ambaye hakuzaliwa na mwanamke yeyote.

Tutoe mfano wa kubuni. Kijana analeta cheti cha kuzaliwa cha mwaka 2009. Jina lake limeandikwa NIYONZIMA Jean, na la baba yake BUKURU Pierre. Amezaliwa komuni ya Gisuru, mkoa wa Ruyigi. Karani wetu ni mtu mwema na ana haraka. Kwake yeye "Jean" ni John, basi anaandika John. Fomu inataka majina matatu, na la mwisho liwe la ukoo. Hivyo anachukua la baba na kulitia mwisho. Na kwa kuwa masikio yetu wengi hayatofautishi sana r na l, anaandika Bukulu. Kijana anatoka akiitwa John Niyonzima Bukulu.

Hapo pana makosa matatu, na kila moja lina chanzo chake.

La kwanza ni kufasiri. Niyonzima maana yake ni kwamba Mungu ndiye aliye hai. Hakuna karani ambaye angethubutu kuandika maana hiyo mahali pa jina. Kama hilo ni upuuzi, kwa nini Jean awe John au Yohana? Twajua desturi hii imetoka wapi. Mapadri wa zamani waliandika vitabu vyao vya ubatizo kwa Kilatini, mwalimu akaita kwa Kiingereza, na nyumbani tukaitwa kwa Kiswahili. Tukazoea kwamba jina la ubatizo ni vazi la kubadilishwa kila mlango. Kanisani hapana madhara. Lakini daftari la serikali hulinganisha herufi, wala halijui kwamba watakatifu hao ni mmoja.

Kosa la pili ni jina la ukoo. Warundi wengi hawana jina la ukoo kama fomu zetu zinavyolidai. Wazazi humpa kila mtoto jina lake, hata ndugu wa tumbo moja wakawa na majina yasiyofanana hata kidogo. Bukuru si ukoo. Ni jina analopewa pacha wa kwanza, na mwenziwe huitwa Butoyi. Kumwandika mwana kwa jina hilo ni kumwambia msomaji kwamba yeye ni pacha, au kwamba nduguze wote wataitwa hivyo. Fomu ikidai jina la tatu ambalo halipo, nafasi ipigwe mstari, na jina la baba likae mahali pa jina la baba.

La tatu ni kuandika kwa sikio. Kirundi na Kiswahili hutumia herufi zile zile za Kirumi, lakini hazisomwi sawa. Herufi c peke yake katika Kirundi husomwa kama ch yetu. Joseph Cimpaye, aliyekuwa waziri mkuu wa Burundi mwaka 1961, angepita kwenye meza zetu akaitwa Chimpaye, au hata Shimpaye, na katika orodha ya majina angetafutwa penye S asionekane. Dawa yake ni rahisi: mahali palipo na cheti, karani atumie macho, asitumie masikio. Pasipo na cheti, amwombe mwenye jina aandike mwenyewe, ama amtajie herufi moja moja, kisha amsomee alichoandika.

Kwa anwani, neno mkoa lina mwenzake na linafaa kufasiriwa. Lakini komuni si wilaya yetu wala si kata yetu. Heri ibaki komuni. Chini yake Warundi wana umusozi, yaani kilima. Ukiandika kilima, msomaji hudhani ni mwinuko tu wa ardhi; ukiandika kijiji, umemzushia serikali ya kijiji asiyokuwa nayo. Andika umusozi, ueleze mara moja pembeni kwamba ni eneo la utawala lililo chini ya komuni. Wala karani asisahihishe historia. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na Ruyigi ikaingia katika Buhumuza. Cheti cha mwaka 2009 kibaki na Ruyigi yake. Ndivyo ilivyo kwetu pia: aliyezaliwa Kakonko mwaka 1990 alizaliwa wilaya ya Kibondo, kwa kuwa Kakonko iligawanywa kutoka Kibondo mwaka 2012.

Cheo ni jambo jingine, kwa sababu cheo ni kazi, na kazi yafaa ieleweke. Gavana wa mkoa huitwa kwa Kirundi Buramatari, neno lililotokana na jina la utani la Stanley kule Kongo, yaani mvunja mawe. Kulinakili bila maelezo ni kumwacha msomaji gizani. Kulifasiri neno kwa neno ni kichekesho. Aandikwe: mkuu wa mkoa, Burundi. Hata hivyo pana vyeo visivyo na ndugu. Umushingantahe ni mzee mwadilifu anayesuluhisha magomvi na kushuhudia mapatano. Ukimwita hakimu umempa mahakama asiyokuwa nayo. Huyo aachwe na cheo chake, na maelezo mafupi yafuate.

Kanuni hii ina mpaka wake. Aliyeishi kwetu miaka 20, akasoma, akaoa na kununua shamba kwa jina la John, asilazimishwe kurudi kuwa Jean. Kufanya hivyo ni kuvunja vyeti kumi ili kuokoa kimoja. Yafaa jina analotumia libaki, na lile la kwanza liandikwe kando kwa kiapo, kwamba ni mtu yule yule.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya herufi. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Huko lugha ya Waha na ya Warundi zinakaribiana, na hata mzaliwa wa Kasulu huulizwa juu ya uraia wake. Anayebeba karatasi mbili zisizopatana hushukiwa kwa uongo ambao hakuusema yeye. Kabla ya kugonga muhuri, karani alinganishe jina la karatasi mpya na la ile ya zamani, herufi kwa herufi. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Kosa lake hugharimu kiapo, nauli na siku nyingi za mtu asiye na hatia.