Kaye ya biashara: Barua kumi na sita, malipo matano

Juma lililopita mama mmoja mshonaji alituletea shida yake. Alikuwa ameshona sare za shule, bluu na nyeupe, kwa familia tatu. Mambo yote yalizungumzwa kwa barua pepe, kila mmoja akijibu chini ya mwenzake, mpaka mazungumzo yakafika barua kumi na sita. Alipohesabu pesa aliona dola 45 zinakosekana. Akamwandikia mteja mmoja kwamba bado ana deni la dola 15. Mteja alijibu kwa maneno makali, kwa sababu alikuwa amelipa yote.

Tulikaa naye tukasoma barua hizo moja moja na kuzitia katika jedwali. Hakuna hata dola moja iliyokosekana. Leo tutaonyesha tulivyofanya. Majina tumeyabadilisha.

Sare ya mtoto mmoja ilikuwa dola 15. Mama Neema alikuwa na watoto watatu, kwa hiyo dola 45. Baba Yosua alikuwa na wawili, dola 30. Mama Furaha naye wawili, dola 30. Jumla ni dola 105. Katika barua ya kwanza, tarehe 12 Agosti 2024, mshonaji aliandika pia kwamba anayelipa kwa franka atahesabiwa dola moja kwa franka 2800. Sentensi hiyo ilitusaidia sana mwishoni.

Mstari mmoja ni pesa moja iliyoingia

Kosa la kwanza la mama yetu lilikuwa kuhesabu barua. Lakini barua si malipo. Mtu mmoja anaweza kuandika barua tatu juu ya pesa ileile: anatuma, anauliza kama imefika, kisha anashukuru. Mwingine analipa mara mbili na kuandika mara moja tu.

Tena, ukijibu barua pepe, barua za zamani zinabebwa chini ya ile mpya. Katika Gmail zinafichwa nyuma ya vidoti vitatu. Kwingine zinaonekana na alama hii `>` mwanzoni mwa kila mstari. Kwa hiyo «nimetuma dola 20» ya Mama Neema ilionekana mara nne katika mazungumzo, na ilikuwa dola 20 zilezile. Soma kuanzia barua ya zamani kabisa ukielekea kwenye mpya, na kila barua soma maneno mapya tu. Yaliyobebwa chini uliisha kuyasoma.

Ahadi nayo haina mstari. Mama Neema aliandika: «Zingine nitatuma mwisho wa mwezi.» Hiyo iandike pembeni ya kaye kama ukumbusho, lakini isiingie katika jedwali mpaka pesa ifike.

Jina: nani anadaiwa, nani ametuma

Katika barua zote kumi na sita, Mama Furaha hakuandika hata neno moja juu ya kulipa. Ndiyo maana mshonaji alimhesabu kama mdeni wa dola 30. Lakini katikati kulikuwa na barua ya mama mwingine aliye Kanada, akisema ametuma pesa «kwa watoto wa dada yangu». Huyo dada ndiye Mama Furaha.

Vilevile dola 20 za kwanza za Mama Neema zilitoka katika simu ya mume wake, kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa ulionyesha jina la baba. Anayetafuta «Mama Neema» katika simu hamwoni.

Dawa yake ni kuweka nafasi mbili za jina. Ya kwanza ni ya mteja, yaani mwenye deni. Ya pili ni ya aliyetuma. Jina la mteja liandike namna moja siku zote. Ukiandika leo «Mama Neema» na kesho «Neema», mbele utahesabu watu wawili.

Tarehe: siku pesa ilipoingia

Tarehe iliyo juu ya barua ni siku ya kuandika, si siku ya kulipa. Barua ya Mama Neema ya tarehe 14 Agosti inasema «nimetuma jana», basi malipo ni ya tarehe 13. Barua yake ya tarehe 2 Septemba inasema «nilituma siku ya posho». Tulifungua kalenda tukaona siku ya posho iliyotangulia ni tarehe 31 Agosti. Maneno kama jana, juzi na siku ya posho yageuze kuwa tarehe kamili hapohapo unapoyasoma, maana baada ya mwezi hayana maana tena.

Yule dada wa Kanada aliandika «09/05». Sisi tunatanguliza siku, kwa hiyo tungesoma tarehe 9 Mei. Lakini mwezi wa tano sare zilikuwa hazijaagizwa bado! Alitanguliza mwezi, kama wengi wanavyofanya kule: ni tarehe 5 Septemba. Ukiona tarehe ya malipo inatangulia tarehe ya kuagiza, huenda siku na mwezi vimebadilishana nafasi.

Kiasi: kilichofika, na ni pesa gani

Dada huyo aliandika pia kwamba ametuma «dola 42». Mshonaji alishangaa, kwa sababu deni lilikuwa 30. Tulipofungua simu tukakuta zimeingia dola 30 za Marekani. Zile 42 zilikuwa dola za Kanada, tena pamoja na gharama ya kutuma. Katika jedwali andika kilichokufikia, hata kama barua inataja kingine.

Franka na dola zisichanganywe katika hesabu moja. Andika kiasi mahali pake, na aina ya pesa mahali pake: FC au USD.

Wanaotumia kompyuta wajihadhari na nukta. Baba Yosua aliandika «42.000» kama tunavyozoea. Ukiandika hivyo katika jedwali la kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, inasoma 42 tu, na elfu zote zinapotea bila kelele. Iliyopangwa kwa Kifaransa inaweza kuichukua kama neno na kuiacha nje ya jumla. Andika `42000`, bila nukta wala nafasi. Kisha tazama: namba iliyoeleweka inajipanga upande wa kuume, ikibaki kushoto, kompyuta imeichukua kama neno.

Malipo mawili yanayofanana

Sasa tufike kwa Baba Yosua, aliyekasirika. Tarehe 17 Agosti aliandika kwamba ametuma leo franka 42.000. Tarehe 3 Septemba akaandika: «Nilituma franka 42.000, ulizipata?» Tarehe 6 Septemba tena: «Nimetuma franka 42.000 leo asubuhi.» Mshonaji aliona kiasi ni kilekile akafikiri ni habari moja inayorudiwa, akaandika malipo moja. Angeweza pia kukosea upande mwingine, akaandika matatu.

Kiasi hakiwezi kuamua jambo hili. Kinachoamua ni namba ya muamala iliyo katika ujumbe wa simu, kwa sababu kila utumaji una namba yake. Tulikuta namba mbili: moja ya tarehe 17 Agosti na nyingine ya tarehe 6 Septemba. Barua ya tarehe 3 ilikuwa swali tu. Basi malipo ni mawili, na Baba Yosua hana deni.

Kwa hiyo jedwali linahitaji nafasi ya namba. Si lazima kuiandika yote. Herufi nne za mwisho zinatosha kwa biashara ndogo. Hili ndilo jedwali letu:

| Mteja | Aliyetuma | Tarehe | Kiasi | Pesa | Namba |
|---|---|---|---|---|---|
| Mama Neema | Mume wake | 13/8/2024 | 20 | USD | 4K7T |
| Baba Yosua | Mwenyewe | 17/8/2024 | 42000 | FC | 9R2B |
| Mama Neema | Mwenyewe | 31/8/2024 | 25 | USD | 1M8C |
| Mama Furaha | Dada yake | 5/9/2024 | 30 | USD | 6P3D |
| Baba Yosua | Mwenyewe | 6/9/2024 | 42000 | FC | 2H5W |

Kwenye kaye, unajumlisha dola peke yake na franka peke yake. Kwenye kompyuta, jedwali likianzia safu ya A na vichwa vikiwa mstari wa kwanza, jumla ya dola inapatikana hivi:

```
=SUMIF(E2:E6,"USD",D2:D6)
```

Excel ya Kifaransa inataka `SOMME.SI` mahali pa `SUMIF`, na `;` mahali pa `,`. Kwa franka, weka `FC` mahali pa `USD`.

Dola ni 75. Franka ni 84000. Ukizigawanya kwa 2800, bei waliyokubaliana siku ya kwanza, unapata dola 30. Jumla ni dola 105, sawasawa na deni lote. Hapo ndipo mama yetu alipofunga kaye na kushika kichwa.

Kabla ya kumdai mtu

Kuna ukaguzi mmoja zaidi. Shika simu, pitia ujumbe wa pesa zilizoingia tangu siku ya kuagiza, na kila mmoja utafutie mstari wake. Ujumbe usio na mstari ni pesa ambayo mtu alituma bila kuandika barua. Mstari usio na ujumbe ni «nimetuma» ambayo haijafika, au pesa iliyotolewa mkononi. Hiyo iwekee alama ya swali, usiihesabu mpaka uulize. Barua hazijui kila kitu, hasa pesa ya mkononi. Ndiyo maana siku unapopokea noti ni vizuri ujiandikie barua fupi mwenyewe katika mazungumzo yaleyale: nani, siku gani, kiasi gani.

Jedwali lote usilitume kwa watu wote. Deni la mtu ni siri yake. Kila mteja mpe mistari yake tu, na umuombe aseme kama kuna iliyosahaulika. Mshonaji alimtumia Baba Yosua mistari yake miwili, pamoja na maneno haya: «Baba, nilikosea. Umelipa yote. Unisamehe.» Siku ya pili yake alijibu, akaagiza sare ya mtoto wa ndugu yake.