Straiki zikiisha, malipo hayarudi yenyewe

MFANYABIASHARA wa dagaa wa Nansio siku hizi hauzi kwa mizani peke yake. Wapo wanaowasha simu mwaloni, wakaonyesha namna dagaa wanavyoanikwa kwenye chanja badala ya mchangani, au samaki wanavyolishwa ndani ya vizimba, kisha wakaweka picha hizo YouTube. Mteja wa Mwanza au wa Dodoma huona mzigo kabla ya kupiga simu, na chaneli ikikua YouTube humlipa mwenyewe sehemu ya fedha za matangazo.

Fedha hizo si nyingi kwa wengi wao, lakini zina utamu wa kuingia wakati ziwa limechafuka na boti zimelala. Ndiyo maana zinapokatwa ghafla huleta kilio. Aliyekatiwa mara nyingi hufanya kosa moja kubwa: hukaa kusubiri straiki ziishe, akiamini kwamba zikiisha malipo yatarudi yenyewe. Hayarudi, kwa sababu straiki ni adhabu moja na kuondolewa kwenye malipo ni adhabu nyingine, na kila moja ina kalenda yake.

Straiki ni onyo lenye adhabu, na ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya hakimiliki, inayotolewa pale mwenye kazi anapoiandikia rasmi YouTube akitaka video iondolewe. Wapenzi wa muziki wanakumbuka mwaka 2020, video ya wimbo "Uno" wa Harmonize ilipoondolewa YouTube baada ya mtayarishaji wa muziki wa Kenya, Magix Enga, kudai kuwa mdundo wake umetumika. Kama msanii mkubwa anaweza kuondolewa video, mwenye chaneli ya dagaa hana kinga. Aina ya pili ni ya kuvunja miongozo ya jumuiya, kama vile utapeli au picha za ukatili. Hiyo hutanguliwa na onyo la bure. Ikija straiki ya kwanza, mwenye chaneli hawezi kupakia video kwa wiki moja, na ya pili humzuia kwa wiki mbili.

Kwa aina zote mbili straiki hudumu siku 90, na tatu zikikutana ndani ya siku 90 chaneli yaweza kufutwa kabisa. Anayepata straiki ya hakimiliki kwa mara ya kwanza hutakiwa pia kumaliza somo fupi la hakimiliki ndani ya YouTube. Asipolifanya, siku 90 zitapita na straiki itabaki pale pale.

Ipo pia alama nyingine ambayo wengi huidhania kuwa straiki, nayo hutolewa na mtambo uitwao Content ID. Mtambo huo ukisikia wimbo wa mtu ndani ya video, mara nyingi kinachotokea ni fedha za video hiyo kwenda kwa mwenye wimbo. Mpiga picha wa mwaloni hukutana nayo mara kwa mara, kwa kuwa redio ya kibandani haizimwi kwa ajili yake. Haimfungii chaneli, na wimbo huo waweza kunyamazishwa ndani ya YouTube Studio bila kufuta video.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yuko muuza dagaa wa Nansio mwenye chaneli ya video 60, ambapo 20 amepiga mwenyewe na 40 ni vipande vya mabao ya Ligi Kuu na nyimbo za Bongo Fleva, alivyoviweka ili kuvuta watazamaji. Haki za kuonyesha ligi hiyo zilinunuliwa na Azam Media mwaka 2021 kwa Sh bilioni 225.6 kwa miaka kumi, hivyo si jambo la ajabu kwamba mabao yana mwenyewe. Machi 3 anapata straiki ya kwanza ya hakimiliki. Anaifuta ile video haraka, akidhani amemaliza shauri. Machi 20 anapata ya pili.

Kufuta video hakufuti straiki. Lililo rahisi kuliko yote ni kumwandikia aliyelalamika, ambaye anwani yake ya barua pepe huonyeshwa katika taarifa ya straiki, na kumwomba kwa adabu aondoe malalamiko. Akiyaondoa, straiki huondoka bila kusubiri siku 90. Njia ya pili ni kupinga rasmi, lakini hiyo ni ya mtu mwenye haki kweli. Jina kamili na anwani ya anayepinga hupelekwa kwa mlalamikaji, ambaye hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amechukua hatua za kisheria, na maelezo ya uongo yanaweza kumfikisha mtu mahakamani. Aliyerekodi mabao kutoka kwenye televisheni asiiguse njia hii, hata kama kijana wa kibanda cha intaneti atamwambia ni kujaza fomu tu.

Muuza dagaa wetu hakujibiwa. Kwa hesabu ya siku 90, straiki yake ya kwanza inaisha Juni 1 na ya pili Juni 18. Kuanzia Machi 20 hadi Juni 1 anatembea na straiki mbili, na kosa moja tu likiongezeka chaneli inaweza kwenda. Katika kipindi hicho hatakiwi kupakia chochote asichopiga kwa mkono wake.

Aprili 2 anapata barua tofauti kabisa, kwamba chaneli imeondolewa katika mpango wa malipo kwa sababu ya maudhui yaliyotumika tena. Barua hii haizungumzii video moja. Inasema kwamba chaneli kwa ujumla wake inaonekana kuishi kwa kazi za wengine. Kwa hiyo hata straiki zote zingeondolewa kesho, barua hii ingebaki na nguvu yake.

Hapa kalenda mpya inaanza. Anazo siku 21 za kukata rufaa, yaani hadi Aprili 23. Asipokata, au rufaa ikikataliwa, anaweza kuomba upya baada ya siku 90, yaani Julai 1.

Rufaa inaweza kufanywa kwa video isiyozidi dakika 5, inayopakiwa kwenye chaneli hiyo hiyo lakini isionekane kwa umma. Katika sekunde 30 za mwanzo anwani ya chaneli lazima itajwe au ionekane. Baada ya hapo mwenye chaneli aonyeshe anavyofanya kazi: yeye mwenyewe mwaloni na simu yake, anavyokata na kuunganisha picha, sauti yake anapoelezea bei na ukavu wa dagaa. Ni kazi ya ushahidi, na wanaoanza kulia shida za familia hupoteza dakika zao bure.

Lakini kwa chaneli yenye video 40 za wengine kati ya 60, rufaa hiyo ni dhaifu, na ni heri kusema ukweli huo mapema. Wakaguzi hawatazami video zote. Hutazama mada kuu ya chaneli, video zilizotazamwa zaidi, zilizo mpya zaidi na zile zilizobeba saa nyingi za kutazamwa, pamoja na vichwa vya habari na maelezo yake. Katika chaneli hii, iliyotazamwa kuliko zote ni bao la Simba na Yanga. Mkaguzi ataangukia hapo hapo, na picha za chanja hatazifikia.

Hivyo basi usafi hauepukiki, nao una gharama ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Ili kupata mgawo wa matangazo, chaneli inatakiwa kuwa na watu 1,000 wanaoifuatilia na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au video fupi za Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Video iliyofutwa au kufichwa haihesabiwi tena katika saa hizo.

Tuseme chaneli ilikuwa na saa 5,200, na kati ya hizo saa 3,100 zililetwa na mabao na nyimbo. Akifuta, anabaki na 2,100 na anadaiwa 1,900. Ikiwa mtazamaji wa kawaida hukaa dakika 3 katika video zake, basi saa moja inahitaji watazamaji 20, na saa 1,900 zinahitaji kutazamwa mara 38,000. Kutoka Aprili 2 hadi Julai 1 hiyo ni wastani wa mara 422 kwa siku. Kwa video za dagaa ni mzigo mzito, na anayetegemea Shorts ajue kwamba kutazamwa katika mkondo wa Shorts hakuingii kwenye saa 4,000. Wanaofuta siku tatu kabla ya kuomba hujikuta Julai 1 imefika na hawana sifa. Kufuta kunapaswa kuanza siku ya barua, ili muda wote uliobaki uwe wa kujenga saa halali.

Kishawishi kingine ni kufungua chaneli ya pili ili kukwepa adhabu ya ile ya kwanza. YouTube huhesabu hilo kuwa kosa jipya. Oktoba 2025 kampuni hiyo ilitangaza utaratibu wa kuwaruhusu baadhi ya waliofutiwa chaneli kuomba kuanza upya baada ya mwaka mmoja, lakini waliofutwa kwa makosa ya hakimiliki hawamo.

Kabla ya Julai 1 mwombaji ahakikishe pia kwamba hana straiki hai ya miongozo ya jumuiya, kwa kuwa hiyo humzuia moja kwa moja, na kwamba akaunti yake ya Google imefungwa kwa uthibitisho wa hatua mbili. Aprili 2022 chaneli ya Diamond Platnumz ilitekwa na matapeli na kuondolewa YouTube kabla ya kurejeshwa. Yeye ana kampuni nyuma yake, wakati muuza dagaa ana simu moja ambayo watoto pia huichezea.

Ukaguzi wa maombi kwa kawaida huchukua kama mwezi mmoja. Muuza dagaa wetu akikubaliwa mwishoni mwa Julai, hatalipwa kwa matangazo ya miezi aliyokuwa nje. Mapato ya Agosti yatatoka kati ya Septemba 21 na 26, endapo salio lake la AdSense limefika dola 100. Likiwa pungufu linasogezwa mwezi unaofuata, hivyo bajeti ya nyavu na chumvi ya msimu huo asiipange kwa fedha hizo.