Gesi hukaa chini, si juu

Mimi nina nyumba ya vyumba vya kupangisha, na wapangaji wangu nimewaambia hili mara nyingi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kupenya chini ya mlango hadi kwa jirani. Ndiyo maana kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Fungua mlango kabisa.

Ukiamka usiku ukasikia harufu, mkono usiende kwenye swichi. Usiwashe taa, feni wala kiberiti, na kama taa inawaka iache hivyo hivyo, maana hata kuizima kunatoa cheche. Kama unaufikia mtungi bila shida, funga kwenye regyuleta. Kisha toka na watoto, ugonge milango ya wenzako (kwa mkono jamani, si kengele ya umeme), simu utapiga ukiwa nje.

Kutafuta panapovuja kwa njiti ya kiberiti ni wazimu. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, povu likitoa mapovu yanayokua, ndipo hapo.

Mtungi usimame wima, mbali na jiko la mkaa. Wanaoulaza gesi ikikaribia kwisha wanaruhusu gesi ya maji kuingia kwenye mpira, na moto unaruka ghafla. Ikiisha, njoo tuongee, ya kuazima sikosi.