Cheti kimepotea, kumbukumbu zipo

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana sharti lisilochoka kurudiwa: hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita haikubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kwa mwalimu aliyekimbia mikono mitupu, sharti hilo ni dhuluma.

Watu wa Karagwe na Kyerwa wanajua vyeti vinavyopotea. Mwaka 2013, amri ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na Operesheni Kimbunga iliyofuata, ziliwafanya maelfu wavuke Murongo kuingia Uganda na Rusumo kuingia Rwanda. Wapo waliosema wao ni Watanzania.

Tuchukue mwalimu wa mfano, aliyesomea daraja la tatu A, ambaye baadaye amethibitisha uraia wake na kurudi Kyerwa. Anaanzia polisi, anachukua taarifa ya upotevu. Anatangaza gazetini. Halafu Baraza la Mitihani linamtaka ataje namba yake ya mtihani: S na namba ya kituo, namba ya mtahiniwa, kisha mwaka. Nani anaikumbuka? Inabidi arudi sekondari aliyosoma, mwalimu wa taaluma amtolee faili la zamani, wateremshe kidole kwenye orodha hadi jina lake. Faili la kazi nalo huenda liko Kayanga, maana Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Na kama aliolewa akabadili jina, hapo kuna hati ya kiapo pia.

Nitaambiwa kuhusu vyeti feki. Sawa, vipo. Uhakiki wa 2017 uliwabaini watumishi 9,932.

Lakini walibainika vipi? Karatasi walikuwa nazo, tena zenye mihuri, na ndizo walizoajiriwa nazo. Waliumbuka pale Baraza la Mitihani lilipolinganisha vyeti vyao na kumbukumbu zake. Maana yake karatasi ilidanganya, kumbukumbu zikasema kweli. Sasa mwalimu ambaye kumbukumbu hizo hizo zinamtambua, jina, kituo, mwaka na alama, anarudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi! Huyo ndiye mtu ambaye serikali ingemhakiki kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu hana cha kughushi. Neno lote liko mikononi mwa Baraza. Tunaogopa vyeti feki, kisha tunaendelea kukiabudu cheti. Huo si umakini, ni uvivu wa ofisi.

Aliyesoma Burundi au Kongo ana shida kubwa zaidi, kwani kumbukumbu zake haziko Dar es Salaam. Wake ni mjadala mwingine.

Huyu wa kwetu anahitaji mstari mmoja tu kwenye tangazo: uthibitisho wa matokeo uliotumwa na Baraza moja kwa moja kwa mwajiri upokelewe badala ya cheti kilichopotea. Sekretarieti iuandike katika tangazo lijalo.