Usifute meseji, piga benki kwanza

Mdogo wangu alituma shilingi 600,000 kutoka akaunti yake kwa dalali wa chumba, kisha simu ya dalali ikazimwa. Papo hapo tulipiga namba iliyo nyuma ya kadi ya benki, tukaomba wazuie pesa kwenye akaunti ya mpokeaji, tukachukua namba ya malalamiko. Zilipona 380,000, nyingine dalali alishazitoa. Hatukufuta meseji hata moja. Tulipiga picha za skrini zinazoonyesha namba ya dalali, saa na kumbukumbu ya muamala, tukaenda nazo polisi kuchukua RB. Kesho yake akapiga mtu akidai atarudisha zilizobaki tukilipa ada ya 50,000. Ndugu zangu, huyo naye ni tapeli. Msimtumie chochote.